Nani Alimwambia Binti Huyu Asirudie Lakini?

Kuna mtu mahali fulani aliyewaambia watoto wa nchi hii kwamba neno likitumika mara mbili katika insha limeoza. Huyo mtu namtafuta. Nikimpata nitamkalisha hapa kwenye saiba yangu ya Amagoro, kwenye kile kiti kilichovunjika mgongo, halafu nimsomee insha za wateja wangu moja baada ya nyingine mpaka aombe maji.

Kazi yangu ni kupiga chapa na kutoa fotokopi. Ofisi za kaunti ndogo ya Teso Kaskazini ziko karibu, kwa hiyo hapa kwangu hupita kila aina ya karatasi: barua za kuomba kazi, makubaliano ya kuuza shamba, ratiba za mazishi, malalamiko ya wanabodaboda. Mtihani ukikaribia, zinaanza kuja insha. Sijawahi kufundisha hata chekechea, lakini kwa sababu nina miwani na kompyuta, watu wameamua kwamba mimi ni Mwalimu. Nilikataa cheo hicho mwanzoni. Siku hizi naitika, maana kukataa kunachukua muda mrefu kuliko kuitika.

Juzi mama anayeuza mboga ng'ambo ya barabara aliniletea binti yake wa Kidato cha Nne.

"Mwalimu, huyu mtoto ana mtihani. Mpitishie macho kidogo tu hii insha yake, uipige chapa, utoe na nakala."

Kidogo tu! Watu husema kidogo tu wakiwa wamebeba kurasa nne.

Mada ilikuwa nzuri: "Biashara ya mpakani ina faida nyingi kuliko hasara. Jadili." Kwa mtoto wa huku, hiyo ni mada ya kuandika ukiwa umefumba macho. Malaba iko mwendo mfupi wa boda. Ukikaa kando ya barabara hapa Amagoro unaona malori yanayokwenda Kampala yamesimama kimya, dereva amevua viatu anakunywa chai. Nikaanza kusoma nikiwa na moyo mweupe. Nikafika aya ya pili:

"Malori ni mengi Malaba bali barabara ni nyembamba. Wafanyabiashara wadogo wanapata faida walakini ushuru unawaumiza. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Busia mwaka 2018 ila foleni bado ni ndefu. Hata hivyo vijana wanapata kazi ya boda."

Nikavua miwani. Nikaipangusa. Nikavaa tena. Bali ilikuwa bado iko pale pale.

"Binti yangu," nikamwambia, "hii bali imetoka wapi?"

Akafungua mkoba akatoa kijitabu cha marudio, kimechakaa pembe zote. Ukurasa ulikuwa tayari umekunjwa. Nikasoma: viunganishi vya kuonyesha kinyume ni lakini, ila, bali, walakini na hata hivyo, usirudie kimoja mara nyingi. Basi. Hakuna sentensi ya mfano wala maelezo. Maneno matano yamepangwa foleni moja, yametenganishwa kwa mkato, na mtoto ameelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: kwamba ni mamoja, achukue lolote lililo karibu. Akayapangia zamu. Lakini alikuwa ameitumia aya ya kwanza, kwa hiyo aya ya pili ilikuwa zamu ya wenzake.

"Si zote ni lakini, Mwalimu?"

Si zote ni lakini. Na hapo ndipo nilipopoteza alasiri yangu.

Nilianza na bali, kwa sababu ndiyo inayoniumiza jino. Nilimwandikia sentensi mbili. Ya kwanza: "Baba hakwenda Tororo bali Mbale." Ya pili: "Baba alikwenda Tororo, lakini hakumkuta mdeni wake." Nikampa kalamu nikamwambia afute Tororo katika sentensi ya kwanza. Akafuta. Nikamuuliza kumepotea nini. Akafikiri, akasema hakuna, maana kule Tororo hakuna aliyekwenda. Nikamwambia afute Tororo katika ya pili. Akainua kalamu, akasita.

"Huko alikwenda," akasema.

"Alikwenda, na nauli alilipa."

Tofauti ni hiyo. Lakini huacha pande zote mbili zimesimama: safari ilikuwapo, na kumkosa mdeni kulikuwapo. Bali huuondoa upande wa kwanza na kuweka wa pili mahali pake palepale. Ndiyo maana bali hudai ukanushi mbele yake, si au ha- au sivyo. Huwezi kuondoa kitu ambacho hukukikataa. "Malori ni mengi Malaba bali barabara ni nyembamba" haina kilichokataliwa. Malori ni mengi kweli, nimeyahesabu mimi mwenyewe wakati umeme umepotea na sina kazi nyingine.

Kisha, na hili ndilo lililomchekesha mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni, nikamuuliza binti: kati ya malori kuwa mengi na barabara kuwa nyembamba, kinyume kiko wapi? Mambo hayo mawili hayagombani. Yanasaidiana kututesa. Sentensi hiyo haikuhitaji bali, wala lakini, wala ndugu yao yeyote. Ilihitaji na. "Malori ni mengi na barabara ni nyembamba." Nusu ya viunganishi vya kinyume ninavyopiga chapa mwaka mzima vimewekwa mahali ambapo hapana kinyume, mwandishi alihisi tu kwamba sentensi imekaa peke yake muda mrefu.

Binti ni mwerevu, tatizo si yeye. Akaniambia, "Basi nikitanguliza ukanushi nimepona." Akaandika: "Dereva hakuja bali alikuwa mgonjwa."

Ukanushi upo, na sentensi bado ni mbovu. Kuugua hakuchukui nafasi ya kuja. Ni sababu ya kutokuja. Bali hutaka kitu cha aina ileile kiingie katika nafasi ileile: mahali kwa mahali, mtu kwa mtu, namna kwa namna. "Dereva hakuja kwa lori bali kwa boda." Hapo sawa. "Hakuja kununua nyanya bali kuuza." Sawa pia, kitenzi jina kwa kitenzi jina. Ukiandika "hakuja kununua nyanya bali anauza" umembadilishia msomaji viatu katikati ya hatua. Ataelewa, ndiyo, lakini atachechemea, na msahihishaji akichechemea kalamu yake nyekundu hutikisika.

Akauliza kuhusu "si tu, bali pia," maana mwalimu wake huipenda. Nikamwambia aitumie bila hofu, ila ajue kinachokataliwa pale. "Malaba si soko la Wakenya tu, bali pia la Waganda." Hatukukataa kwamba Wakenya wana soko. Tulichokikataa ni kile kineno tu, ule mpaka uliowekwa. Ndiyo maana ukiisahau tu sentensi inageuka kuwa uongo: "Malaba si soko la Wakenya bali pia la Waganda." Soma hiyo mbele ya wauza nguo wa upande huu wa mpaka uone kama utauziwa kitu.

Sasa ila. Hapa najua nitapata maadui, kwa sababu sote tunasema ila tukimaanisha lakini, kutwa kucha. "Nilikuja ila sikukupata." Sina ugomvi na mtu anayesema hivyo barabarani, hata mimi nimeisema leo asubuhi. Katika insha rasmi, hata hivyo, ila ina kazi yake ya zamani ambayo hakuna anayeifanya vizuri kama yeye: hutoa kitu kutoka katika jumla. "Maduka yote yalifungwa ila la dawa." "Hakuna njia ya lori ila hii." "Sina ila mia moja." Weka isipokuwa mahali pake na sentensi itaendelea kutembea. Hicho ndicho kipimo chake. Isipokuwa ikikataa kuingia, basi ulitaka lakini.

Mtu atasema huo ni ubishi wa walimu. Basi nimwambie kilichotokea hapa kwenye meza hii. Mzee mmoja alikuja na makubaliano yake ya kuuza shamba, ameyaandika kwa mkono. Kulikuwa na mstari huu: "Muuzaji ameuza shamba lote ila miembe miwili iliyo kando ya barabara imezeeka." Alitaka kumtahadharisha mnunuzi, kwa uungwana, kwamba miembe hiyo haizai tena. Isome kama mnunuzi. Umesikia "lote," kisha "ila," kisha "miembe miwili iliyo kando ya barabara," na tayari kichwani umeitoa ile miembe kwenye mauzo. Neno "imezeeka" linakuja limechelewa, mlango umeshafungwa. Miaka kumi baadaye mmoja wa watoto wa mzee anakuja na panga kukata mwembe "wetu," na karatasi inamuunga mkono kwa nusu sentensi. Nilipiga chapa "lakini," nikaweka mkato kabla yake, na mzee akanilaumu kwamba nimebadilisha maneno yake.

Kwa hiyo neno la kuogopa si ila yenyewe. Ni ila inayokuja baada ya yote, wote, kila, hakuna, au kitenzi kilichokanushwa. Maneno hayo humwandaa msomaji asubiri kitu kitolewe. Ukiandika "Madereva wote walilipa ushuru ila walikuwa wamechoka," msomaji atatafuta ni dereva gani ambaye hakulipa, na hatampata, na kosa ni lako.

Binti akawa anayaandika yote haya pembeni mwa kijitabu. Mama yake akaingia ndani kabisa, akaketi kwenye benchi la wateja, mboga akazikabidhi kwa jirani.

Hata hivyo ilitupeleka kwenye ile sentensi ya vijana na boda. Aya ilikuwa inalalamika kuhusu foleni na ushuru, kisha: "Hata hivyo vijana wanapata kazi ya boda." Kwa mara ya kwanza nikasema hapa umekaribia. Kile kihivyo kinaelekeza kidole nyuma, kwenye jambo lililokwisha kusemwa, na hata inasema: pamoja na hilo, bado. Unakubali kwanza, kisha unaendelea kinyume cha ulichokikubali. Foleni ipo, ushuru upo, na pamoja na hayo kazi zinapatikana. Maana imekaa.

Kisha nikageuza ukurasa. Aya ya tatu ilieleza faida ya kubadilisha shilingi za Kenya na za Uganda, na ya nne ikaanza: "Hata hivyo, biashara ya mpakani huleta undugu." Faida juu ya faida! Hivyo inaelekeza kidole nyuma na nyuma hakuna cha kukubaliwa kwa shingo upande. Hapo ilifaa "Vilevile" au "Isitoshe." Katika insha ya kujadili, hata hivyo ni kitu cha kuwekwa akiba. Umemaliza upande wa kuunga mkono, unageukia upande wa kupinga, hapo ndipo unaitoa. Ukiwa umeshaitumia mara sita kabla ya hapo, msomaji hatajua kwamba umegeuka.

Inahitaji pia nafasi yake. Lakini hukaa vizuri ndani ya sentensi, baada ya mkato. Hata hivyo hupenda sentensi iliyotangulia imalizike kwanza: nukta, au angalau nukta-mkato, kisha yenyewe, kisha mkato. "Mvua ilinyesha, hata hivyo tulivuka" ni sentensi mbili zilizofungwa kwa uzi mmoja mwembamba. "Mvua ilinyesha. Hata hivyo, tulivuka." Sasa mtu anaweza kupumua.

Kwa asili yake neno hili ni kama ndoa nyingi za Malaba, mmoja ametoka ng'ambo na mwingine ni wa hapa: hata ni Kiarabu, hivyo ni Kibantu chetu. Wale wanne wengine wote wametoka kwa Waarabu bila kuoa njiani.

Walakini sikuipa muda mrefu. Ni lakini ileile iliyokuja na ile wa ya Kiarabu, yaani na, imebandikwa mbele. Biblia ya tafsiri ya 1952 imejaa walakini, na ndiyo maana katekista wetu akitoa matangazo ya kodi ya viti husikika kama nabii. Katika insha ya leo kuhusu ushuru wa nyanya, walakini kama kiunganishi humfanya msichana wa miaka kumi na saba asikike ana ndevu. Si kosa la sarufi, ni kosa la umri. Mahali inapoishi bado ni kwenye kazi yake ya nomino: "Mpango huu una walakini," yaani una kasoro. Hapo inafaa hata kwenye insha rasmi kabisa. Na hapo binti akanikumbusha, mjanja huyu, kwamba ila nayo ni kasoro: hakuna binadamu asiye na ila. Kweli, ingawa hiyo ni ila nyingine, imetoka katika neno jingine la Kiarabu, wamekutana tu huku kwetu wakafanana sura. Mama yake akasema basi kumbe lugha nzima imejaa kasoro. Sikumjibu.

Tulipofika hapo nilidhani tumemaliza, kisha nikaona mstari wa mwisho wa ukurasa: "Ingawa ushuru ni mkubwa, lakini wafanyabiashara wanavumilia." Mdomoni husikii tatizo, watu wengi wazuri huzungumza hivyo. Kwenye karatasi, ingawa imeshasema kwamba kinyume kinakuja. Lakini inapofika inatangaza kinyume ambacho kimeshatangazwa. Chagua mmoja: "Ingawa ushuru ni mkubwa, wafanyabiashara wanavumilia," au "Ushuru ni mkubwa, lakini wafanyabiashara wanavumilia." Vivyo hivyo kwa "lakini hata hivyo," ambayo nimeiona mpaka kwenye risala za harusi.

Binti akalalamika, na kwa haki. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja alama 20. Saa ngapi atakaa anafuta Tororo? Nikamwambia asiyakariri haya yote. Aandike lakini kila anapotaka kinyume, bila aibu. Akimaliza, arudi na maswali mawili tu. Je, nimekataa kitu ili niweke kingine mahali pake? Basi bali. Je, natoa kimoja katika vyote? Basi ila. Na pale insha inapogeuka, pale pekee, hata hivyo. Lakini zitakazobaki ziache zibaki. Lakini mbili katika aya moja hazijawahi kumwangusha mtu. Bali moja ya uongo inaonekana toka Webuye.

Tukaiandika aya upya. Nilimwachia kalamu yeye, mimi nilinung'unika tu:

"Malori ni mengi Malaba na barabara ni nyembamba. Wafanyabiashara wadogo wanapata faida, lakini ushuru unawaumiza. Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani kule Busia, ambapo maafisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Hata hivyo, foleni haijaisha. Wanaonufaika nayo si madereva bali vijana wa boda na wauza chai."

Ile sentensi ya mwisho aliitunga mwenyewe. Niliisoma mara mbili nikitafuta cha kulalamikia. Kwanza madereva, wakakataliwa. Kisha vijana, wakaingia mahali pao. Mtu kwa mtu. Ukweli wake pia niliuona dirishani, maana muuza chai alikuwa anampa dereva kikombe cha tatu.

Nikapiga chapa kurasa zote nne, nikatoa na nakala tatu, moja ya mwalimu, moja ya nyumbani na moja ambayo sikuelewa ni ya nani. Nikamtajia mama bei: za kupiga chapa, za karatasi, za fotokopi. Masomo sikuyatoza. Akahesabu noti pole pole kwenye kaunta, akazipanga, akanitazama.

"Nitakulipa zote, Mwalimu, ila za fotokopi."

Nikatafuta kosa katika sentensi hiyo. Halikuwapo.